Mrejesho: ile ploti ya Kayole iliyonipa thamani hasi

Swali langu lilikuwa: "Wakuu, renti safi ni 240,000 kwa mwaka, riba ya kupunguzia 12%, renti inapanda 15%, mbona fomula inanipa hasi milioni 8?"

Asanteni sana, nimeelewa. Bila ukuaji ni 240,000/0.12, yaani milioni 2. Ikipanda 5% kila mwaka ni 240,000/0.07, kama milioni 3.43. Hapo iko sawa.

Shida ni 15%. Nilikaa chini nikapiga mwaka kwa mwaka: renti ya mwaka wa kwanza kwa thamani ya leo ni 214,286, ya pili 220,026, yani badala ya kupungua zinaongezeka tu, kila moja ni mara 1.15/1.12 ya iliyotangulia, sasa ukijumlisha milele hakuna mwisho. Fomula C/(r-g), yaani renti ya mwaka C ukigawanya kwa riba r ukitoa ukuaji g, ni jumla ya mfululizo unaopungua, kwa hivyo g ikizidi r jibu lake halina maana, na ile hasi si hasara ya ploti.

Na kusema ukweli hakuna mpangaji wa Kayole atapandishiwa 15% milele, mshahara wake haupandi hivyo. Nimeweka 15% hadi mwaka wa 5, halafu 5% kuendelea. Miaka mitano ya kwanza ni kama milioni 1.13, iliyobaki ikirudishwa leo 3.57. Jumla 4.7, na muuzaji anataka 6. Nimemwambia hapana.