Kugawa chaji safarini: mgongo kwa mgongo, kwa waya, au pawabenki?

BintiChumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba ulinganisho kutoka kwa mtu aliyezitumia njia hizi kwa mkono wake. Ijumaa nasafiri na mdogo wangu kwenda Dar kwa basi la asubuhi. Mimi natumia Samsung S21, betri yake 4000 mAh. Yeye ana iPhone 12 ambayo tukifika Segera tu inaanza kulia chaji, na humo ndimo zimo namba za wenyeji wetu. Juu ya hapo nina vipokea sauti vya masikioni, Galaxy Buds2, na kasha lake.

Simu yangu inaweza kugawa chaji bila waya kwa mgongo. Nimgawie hivyo, nimgawie kwa waya, au niende Ngamiani ninunue pawabenki? Sitaki kufika Chalinze na mimi simu yangu imezima.

MzeeWaBandari

Mwanangu, mbona jambo jepesi. Washa NFC kwenye simu zote mbili, zigusanishe migongo, chaji inahama yenyewe. Geuza simu moja kichwa kiangalie chini ili vinundu vya kamera visigongane. Teknolojia hii ipo tangu Huawei Mate 20 Pro ya 2018, si kitu kipya. Na kuna programu za kushusha ambazo zinaongeza uwezo huo kwenye simu isiyo nao.

FundiBarabaraYaTisa

Shikamoo mzee. La kugeuza kichwa ni sahihi kabisa, na wengi hawalijui. La NFC hapana. Chaji bila waya inatumia koili yake iliyo katikati ya mgongo, na masafa yake yako chini sana kuliko ya NFC. NFC ikiwa imezimwa chaji inapita vilevile. Na hakuna programu inayoweza kuizalishia simu koili ambayo haikuwekwa kiwandani. Ukiona programu ya namna hiyo, iache, inatafuta matangazo au taarifa zako.

Dada, S21 yako ina uwezo wa kutoa, na iPhone 12 ina uwezo wa kupokea, kwa hiyo kwa mgongo inawezekana. Lakini tuangalie gharama yake.

Nimewahi kuzipima dukani simu za aina hizohizo, vioo vimezimwa. Kwa mgongo, nusu saa: Samsung ilishuka kutoka 80% hadi 61%, iPhone ikapanda kutoka 15% hadi 27%. Kwa waya, muda uleule: Samsung ikashuka kutoka 80% hadi 63%, iPhone ikapanda kutoka 15% hadi 33%. Mtoaji ametoa karibu kiasi kilekile, lakini mpokeaji kapata nusu zaidi kwa waya.

Usiziangalie asilimia peke yake, maana betri hazilingani ukubwa. Ya S21 inabeba nishati ya karibu Wh 15.5, ya iPhone 12 karibu Wh 10.8. Kwa hiyo asilimia 19 zilizotoka kwako ni kama Wh 2.9, na asilimia 12 alizopata mdogo wako ni kama Wh 1.3. Zaidi ya nusu imepotea njiani. Imekwenda wapi? Imekuwa joto. Umeme wa betri yako unageuzwa kuwa sumaku kwenye koili, unavuka kava mbili, unageuzwa tena kuwa umeme upande wa pili, ndipo uingie kwenye betri. Kila hatua inakula chake, na koili zikikaa upande hata kidogo, hasara inaongezeka.

Halafu kuna mwendo. Samsung kwa mgongo haitoi zaidi ya wati 4.5, na chaja ya kawaida ya ukutani ya iPhone hiyo ni wati 20. Mdogo wako akiwa anaangalia video huku anapokea, kinachoingia kinaliwa na kioo na data palepale. Mtakaa saa nzima asilimia haisogei, na yako inateremka. Aiweke kwenye hali ya ndege, kioo kizimwe, ndipo ugawaji uwe na maana.

Kwenye basi kuna kikwazo kingine. Barabara kuu ina matuta kila kijiji, na simu mbili zilizolaliana hazishikwi na chochote. Basi likiruka tuta, zinateleza, koili zinaachana, chaji inakatika bila wewe kujua. Ukisikia mlio wa kuanza chaji unajirudia rudia, ujue hazijakaa sawa.

Kwa iPhone yake chukua waya wa USB-C kwenda Lightning. Chomeka, isubiri sekunde chache. iPhone itauliza kama iruhusu picha zake zionekane. Akatae, chaji itaendelea kuingia.

MsambaaWaSoni

Fundi, hapo kwenye waya mimi yalinikuta tofauti. Mimi na mke wangu tulikuwa Lushoto stendi, simu zote Android, zote USB-C. Yake ilikuwa 9%, yangu 60%. Tukaunganisha waya, baada ya muda natazama, ya kwake imefika 6% na yangu imepanda. Aliyezidiwa ndiye aliyekuwa anamchajia aliyeshiba! Waya mbovu au?

FundiBarabaraYaTisa

Waya mzima, kaka. Simu mbili za USB-C zikikutana, kila moja inaweza kutoa na kupokea, na zinaamuana zenyewe pale unapochomeka. Android nyingi haziangalii nani ana njaa. Teremsha pazia la juu, gusa taarifa ya USB, utaona "USB controlled by" na kwenye simu nyingi "Charge connected device". Chagua hilo kwenye simu yenye chaji nyingi. Kama halipo, chomoa uchomeke tena, mara nyingi mpangilio unageuka. Kisha tazama alama ya umeme imewaka kwenye simu ipi kabla hujaziweka mfukoni.

iPhone 15 na kuendelea, mbili zikiunganishwa, ya chini ndiyo inayopokea. Kwa dada hapa hakuna tatizo, maana iPhone 12 kwa tundu lake la Lightning haiwezi kumchajia mtu, inapokea tu.

NesiWaUsiku

Mimi sina habari na simu mbili, nasemea vipokea sauti, maana hapo kugawa kwa mgongo ndiko kunakonifaa. Natoka zamu asubuhi, kasha limekufa, naliweka juu ya mgongo wa simu mezani wakati nakunywa chai. Dakika kumi na tano zinanitosha kusikiliza hadi nifike nyumbani na zaidi. Betri za vipokea sauti ni ndogo mno, kwa hiyo hata ikipotea nusu, simu haioni.

Pawabenki ndiyo ilinisumbua. Nachomeka kasha, taa inawaka, baada ya muda mfupi inazima. Nikadhani kasha limeharibika.

FundiBarabaraYaTisa

Dada nesi, kasha zima. Pawabenki nyingi zinajizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana, zinadhani hakuna kitu. Baadhi zina hali ya vifaa vidogo: bonyeza kitufe mara mbili, au kishikilie, kutegemea aina. Kama haina, chomeka simu kwenye tundu la pili ili iendelee kuwa macho.

Ila kasha tupu kabisa lisikudanganye. La Buds2 lina 472 mAh. Kulijaza lote kwa mgongo, ukihesabu upotevu, kunaweza kukugharimu asilimia ishirini hivi ya S21. Kugawia robo saa ni sawa, kulijaza lote njiani sikushauri. Nyumbani fanya hivi: chomeka simu ukutani, washa kugawa, laza kasha mgongoni usiku. Chaja moja, vitu viwili.

KijanaWaPongwe

Mnamshauri mtu aharibu betri. Chaji bila waya inaua betri, hili linajulikana. Simu yangu ya zamani niliilaza kwenye kisahani cha kuchajia kila usiku na ndani ya mwaka mmoja betri ilikuwa hoi. Na kugawa ndiyo kabisa, unaichosha betri mara mbili.

FundiBarabaraYaTisa

Kinachoua ni joto, kijana, na hapo una hoja, kwa sababu kuchaji bila waya kunazalisha joto zaidi. Kwa hali ya hewa yetu ya Tanga, simu ndani ya kava nene, juu ya godoro, lazima ipate moto. Lakini kugawa robo saa mara mojamoja si sawa na kulala kwenye kisahani kila usiku. Kuhusu kuchosha, kila chaji inayotoka ni sehemu ya mzunguko wa betri, iwe umeigawa au umeangalia video.

KijanaWaPongwe

Bado sikubali kwamba ni joto peke yake. Simu yangu haikuwa inachemka hivyo.

BintiChumbageni

Nashukuru sana kwa wote. Nimejaribu leo kwa mgongo ili nione. Nimewasha "Wireless power sharing", ikagoma kabisa. Chaji yangu ilikuwa 28%. Nikachaji hadi 50%, ikakubali, ikadumu kidogo, ikakata. Kava la mdogo wangu lina pete ya chuma ya kushikia kidole, na nyuma ya langu naweka kadi ya benki.

FundiBarabaraYaTisa

Mambo mawili tofauti hayo. Kwa kawaida Samsung haigawi ikiwa chini ya 30%. Ni kinga, ili usibaki mikono mitupu. Ndani ya mipangilio ya betri, kwenye "Wireless power sharing", kuna "Battery limit". Kwa safari yako usiache mpaka wa chini, uweke 50%, itakata yenyewe ikifika hapo.

Kukatika ni pete. Chuma kikiingia kati ya koili, kinapata moto, na simu ikihisi nguvu inapotelea kwingine inasitisha. Vua kava zote mbili. Kadi itoe kabisa, joto na sumaku hazifai karibu nayo.

MzeeWaBandari

Pawabenki je? Hamjamjibu.

FundiBarabaraYaTisa

Kweli mzee. Ya 10000 mAh inayosema ukweli, kwa S21 inatoa chini kidogo ya mara mbili kujaza. Usitarajie mbili na nusu, maana hizo mAh zinahesabiwa kwa volti ya betri ya ndani na kuna upotevu kupandisha hadi volti 5. Angalia ubavuni imeandikwa Wh ngapi. Ya ukubwa huo inapaswa kuwa karibu 37. Isiyoandika popote, iache hapohapo.

Ningekuwa wewe ningenunua, na waya wa Lightning nikaubeba kama akiba. Kwa mgongo nikaacha kwa ajili ya kasha tu.

BintiChumbageni

Sawa kaka. Kesho naenda Ngamiani. Ukiniambia na bei ya kawaida ya hizo zenye Wh zake ubavuni utakuwa umenisaidia, wasije wakanipandishia.

NesiWaUsiku

Na mimi nasubiri bei hiyo. Tena muulize muuzaji kama ina ile hali ya vifaa vidogo, na mwambie akujaribishie na kasha lako palepale, lisubiri dakika mbili tatu kabla hujalipa.