Wiki 5 bila kukimbia: nirudie ratiba ya zamani, nianze sifuri, au nishike nusu?

Mkimbiaji_Ilazo
Wakuu, habari za asubuhi. Nilikuwa nakimbia kilomita 40 kwa wiki, siku nne, na ile ndefu ya Jumapili ni 14. Nikaenda Tanga kumuuguza mama, wiki tano sikukimbia hata siku moja. Mama anaendelea vizuri, nimerudi Dodoma. Jana saa 12 asubuhi nimetoka kwenye mzunguko wangu uleule wa kilomita 5 hapa Ilazo. Kwa kasi ya dakika 6 na nusu kwa kilomita, zamani mapigo yalikuwa 146. Jana saa imesoma 163, na kilomita ya mwisho nilikuwa siwezi kuongea.

Nimejisajili nusu marathoni, zimebaki wiki 10. Naona njia tatu. Ya kwanza, nirudi kwenye 40 moja kwa moja ila polepole. Ya pili, nianze kama mtu mpya, dakika mbili natembea, mbili nakimbia, kwa wiki sita. Ya tatu, nishike nusu ya kilomita nilizozoea na kupanda taratibu. Waliopitia haya wanasemaje?

Boda_Kisasa
Njia ya kwanza, kaka, usipoteze muda. Pumzi inarudi haraka sana kwa mtu aliyezoea. Mwaka jana nilisimama mwezi mzima, wiki ya pili tu nikawa nakimbia kama kawaida. Sikiliza pumzi, ikiruhusu ongeza.

Mdau_wa_Makulu
Tatizo ni jua tu. Hamia saa 11 alfajiri na unywe maji ya kutosha, utaona umerudi.

Mkimbiaji_Ilazo
Ahsante mdau, ila nilitoka saa 12 na kulikuwa na ubaridi. Ninachouliza ni ratiba.

Mwalimu_wa_Riadha
Kijana, jua tusilitupe kabisa, nitalirudia. Boda naye amesema kweli nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza watu.

Mtu akiacha mazoezi, kinachoondoka kwanza ni majimaji ya damu. Mazoezi yalikuwa yameyaongeza, na siku chache tu bila kukimbia yanaanza kupungua. Damu ikipungua, moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo lazima upige mara nyingi zaidi kufanya kazi ileile. Hayo ndiyo mapigo yako 17 ya ziada. Miaka ya 1980 watafiti waliwapima wanamichezo walioacha mazoezi. Ndani ya wiki tatu za mwanzo uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kama asilimia 7, na baada ya miezi karibu mitatu kama asilimia 16. Wengine, walioacha wiki mbili hadi nne, waliongezewa majimaji kwenye mishipa na sehemu kubwa ya upungufu ikarudi palepale. Ndiyo maana ukianza tena, pumzi hurudi ndani ya wiki mbili tatu. Na hapo ndipo jua la Dodoma linapoingia: mwenye damu pungufu anagawana ileile kati ya misuli na ngozi inayopoza mwili, kwa hiyo wiki za mwanzo joto litakusumbua kuliko zamani.

Lakini kano na mifupa havifuati ratiba ya damu. Kano ya kisigino na mfupa wa ugoko vinachukua wiki nyingi, hata miezi, kuzoea mzigo. Wiki ya tatu moyo unakwambia ongeza, na kisigino bado hakijawa tayari. Anayefuata pumzi peke yake anaumia wakati anajiona mzima kabisa.

Kwa hiyo njia ya kwanza siipendi. Ya pili ningempa aliyekaa miezi mitatu na zaidi, au aliyesimama kwa sababu ya jeraha. Wewe itakuchelewesha bila sababu. Chukua ya tatu, hivi: wiki ya kwanza kilomita 20, ugawanye 5 mara nne, usifanye ndefu. Ya pili 24, ya tatu 30, ya nne 34, ya tano 40. Kasi iwe ile unayoweza kusema sentensi nzima bila kukatika, hata kama saa inakuaibisha. Mbio za kasi na vilima uviache mpaka wiki ya nne iishe. Na kila Jumatano rudia mzunguko wako wa kilomita 5 kwa kasi ya jana, uandike mapigo.

Boda_Kisasa
Shikamoo mwalimu. Mimi kisigino kiliuma mwezi uliofuata, ila nililaumu raba, zilikuwa zimeisha soli.

Mwalimu_wa_Riadha
Marahaba. Inawezekana ni raba, inawezekana ni vyote viwili. Siwezi kukuhukumia kwa mbali.

Mama_Wawili
Naomba kuongeza langu, maana si kila aliyesimama amesimama akiwa mzima. Mimi nilisimama wiki tatu kwa malaria. Nikarudi kwa nusu hivyohivyo, na wiki ya nne mapigo yalikuwa hayajashuka hata kidogo, ngazi za ofisini zilikuwa zinanichosha. Kupima, damu ilikuwa chini. Hapo si majimaji tu yaliyopungua, ni chembe nyekundu zenyewe, na hizo hazirudi kwa wiki mbili. Wewe ulikuwa mzima Tanga?

Mkimbiaji_Ilazo
Nilikuwa mzima, dada, usingizi tu ndio ulikuwa mdogo. Naanza na ya mwalimu.

Mkimbiaji_Ilazo (baada ya wiki tatu)
Narudi na majibu. Nimefanya 20, 24, 30 kama nilivyoelekezwa. Mapigo ya Jumatano, kasi ileile: 163, kisha 157, wiki hii 150. Pumzi imerudi kweli.

Kosa langu ni hili. Jumamosi nilijisikia mwepesi, nikaenda barabara za UDOM, nikapanda, nikashuka kwa kasi. Jumapili nilipoteremka kitandani, hatua za kwanza kisigino cha kulia kilikuwa kimekaza nyuma, juu kidogo ya raba inapoishia. Baada ya dakika tano za kutembea kikaachia. Nisimame tena?

Mwalimu_wa_Riadha
Usisimame, punguza. Kano haipendi kuachwa kabisa. Wiki hii rudi 24, tambarare tupu, vilima hakuna. Kila siku simama ukingoni mwa ngazi, inuka kwa vidole, kisha shusha kisigino polepole, mara 15, rudia mara tatu. Maumivu madogo wakati wa zoezi si tatizo. Kipimo chako ni asubuhi inayofuata: ukakamavu ukiwa uleule au umepungua, mzigo ulikuwa sawa. Ukizidi, ulizidisha jana yake.

Jambo moja tofauti kabisa: ukipata maumivu kwenye mfupa wa ugoko, mahali unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, na kuruka kwa mguu huo kunauma, hapo acha kukimbia uende hospitali. Huo unaweza kuwa ufa, wala hautibiwi kwa kupunguza kilomita.

Mama_Wawili
Na hiyo nusu marathoni? Zimebaki wiki saba. Mimi ningeomba kuhamia kilomita 10.

Mwalimu_wa_Riadha
Mimi ningebaki na nusu marathoni, kama ndefu ya Jumapili itafika 16 bila asubuhi mbaya, na kama atakubali kukimbia ya kumaliza tu. Lakini Mama_Wawili hajakosea, mguu ni wake.

Mkimbiaji_Ilazo
Nitaamua wiki ya saba ya ratiba, baada ya Jumapili ya 16. Leo asubuhi ukakamavu umechukua dakika tatu badala ya tano.