Naomba ushauri: kutembea kwa mwendo mmoja au mbio za vipindi ili kupunguza mafuta?

Habari zenu, wanajamvi. Nina umri wa miaka 41 na uzito wa kilo 94, na kwa miezi miwili nilikuwa nikitembea kwa haraka dakika 45 kila alfajiri, siku tano kwa wiki, kwa mwendo unaoniruhusu kuzungumza bila kuhema. Kwa uzito wangu, matembezi hayo hutumia takriban kalori 280, nami nilipungua kilo tatu.

Mwezi uliopita niliyaacha nikaanza mbio za vipindi: sekunde 30 kwa kasi kubwa, kisha dakika moja na nusu za kutembea, mara nane, siku nne kwa wiki. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mwili huendelea kuunguza mafuta siku nzima baada ya mbio hizo, ingawa nimekuja kuelewa kuwa nyongeza hiyo ni ndogo. Kilichonipata ni maumivu ya mfupa wa goko, njaa kali ifikapo saa nne (chapati mbili badala ya moja), na uchovu ulionifanya nikae kitini jioni yote. Mizani haijasogea.

Nafikiria kurudia matembezi maumivu yakiisha, na kubakiza vipindi mara moja kwa wiki, kwenye baiskeli, kwa ajili ya pumzi zaidi kuliko mafuta. Je, mpangilio huo unafaa, au nisubiri kwanza uzito ushuke? Na wenye muda mfupi, mlivizoeaje vipindi bila kuumia?