Nimefuta akaunti kwenye simu, na kompyuta ya dukani ikafutwa pia: kwa nini onyo halikusema hivyo?

Mshonaji_Kkoo
Wakuu, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Programu ya ujumbe ninayopokelea oda za ushonaji ilikuwa wazi kwenye simu yangu na kwenye kompyuta ya dukani. Nilitaka kumpa mdogo wangu simu ile, hivyo nikaingia kwenye mipangilio nikafuta akaunti, ili simu iwe safi na kazi zangu zibaki kwenye kompyuta. Muda mfupi baadaye kompyuta ikajitoa yenyewe, ikaniomba namba ya simu kama vile sijawahi kuitumia. Nikaingiza namba ileile, msimbo ukaja, nikaingia, nikakuta patupu. Vipimo vya wateja, picha za mishono na makubaliano ya malipo ya awali vyote vimekwenda. Onyo lilisema akaunti itafutwa, lakini halikuitaja kompyuta hata kidogo. Kwa haki gani kampuni inafuta vilivyomo ndani ya mashine niliyoinunua kwa fedha yangu?

Kijana_wa_Tanga
Pole sana, dada. Ondoa programu, isakinishe upya, nayo itakuuliza kama unataka kurejesha nakala kutoka Google Drive. Mimi nilipobadilisha simu, mazungumzo yote yalirudi.

Fundi_Seva
Ndugu yangu wa Tanga anasema kweli kuhusu WhatsApp ya Android, ambayo mazungumzo yake hukaa kwenye simu na nakala huwekwa Google Drive. Tena hata huko, anayefuta akaunti hupoteza na nakala hiyo. Programu ya dada ni ya aina nyingine. Tuichukue Telegram kama mfano. Mazungumzo yake ya kawaida hukaa kwenye seva yakiwa yamefungwa kwenye utambulisho wa akaunti, si kwenye namba ya simu wala kwenye kifaa. Simu na kompyuta huyaomba kutoka huko kila moja kwa ufunguo wake, na kilichobaki kwenye diski ni akiba ya muda ya kuharakisha kazi. Akaunti ikifutwa, funguo zote hubatilishwa kwa pamoja. Kompyuta inapoomba ujumbe hujibiwa kosa la 401, kama vile `AUTH_KEY_UNREGISTERED`, ndipo programu inapojitoa na kusafisha akiba yake. Dada alipojisajili tena kwa namba ileile, alipewa utambulisho mpya ambao haumiliki ujumbe wowote wa zamani. Picha alizowahi kuzihifadhi kwenye folda ya vipakuliwa hazikuguswa. Azitafute huko kwanza.

Mzee_wa_Muskati
Mimi sikufuta chochote. Niliacha kuitumia nikiwa kazini huku Omani, na niliporudi kwenye laini ya zamani nikakuta akaunti haipo. Je, nami nimeibiwa?

Fundi_Seva
Shikamoo, mzee. Huenda hukuibiwa. Telegram, kwa mfano, hufuta yenyewe akaunti isiyotumika kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni miezi 18, na mwenye akaunti anaweza kuubadilisha kwenye mipangilio. Matokeo yake ni yaleyale yaliyompata dada.

Mshonaji_Kkoo
Nimekuelewa, Fundi, na sasa hasira yangu imepata mahali pa kukaa. Kama kompyuta yangu haikuwa na chochote cha kudumu, kampuni ilipaswa kuliandika hilo kwenye onyo lenyewe: kwamba vifaa vyote vitafutwa, kwamba kujisajili upya hakurejeshi kitu, na kwamba anayetaka kusafisha simu moja anatakiwa kutoka kwenye akaunti tu. Tena Facebook humpa mtu siku 30 za kughairi. Kwa nini hawa wasifanye hivyo?

Fundi_Seva
Kuhusu onyo niko upande wako kabisa. Kuhusu siku za kughairi nina wasiwasi, kwa sababu yuko mtu anayefuta akaunti akiwa anafuatiliwa, na kwake kila siku ambayo data inabaki kwenye seva ni hatari.

Mshonaji_Kkoo
Basi aachiwe kuchagua kufuta papo hapo, nasi wengine tupewe muda. Je, vipimo vya wateja vinapatikana?

Fundi_Seva
Kwenye Telegram, mteja hubaki na nakala yake, ila jina lako hubadilika kuwa `Deleted Account`. Kama yako inafanya kazi hivyo, mwombe kila mteja afungue mazungumzo hayo kwenye programu ya kompyuta, achague `Export chat history` na kukutumia faili. Ulichojiandikia mwenyewe hakina mtu wa pili wa kukirudisha.

Mshonaji_Kkoo
Bei za jumla za vitambaa nilijiandikia mwenyewe. Wateja nitaanza kuwapigia kesho asubuhi, na barua ya malalamiko kwa kampuni inaondoka leo.

Kijana_wa_Tanga
Kompyuta ambayo haikuwa kwenye intaneti wakati akaunti inafutwa, je, ingebaki na mazungumzo?

Fundi_Seva
Yale yaliyokuwa kwenye akiba yangeweza kusomeka hadi itakapounganishwa. Ni kiasi gani, hutegemea programu.