Mahindi yakikutwa mabichi baada ya kulipiwa, hasara ni ya nani?

Muulizaji, Nairobi: Nililipia magunia 100 ya mahindi ghalani Eldoret, nikayachukua baada ya wiki moja. Kipimo cha Nairobi kilionyesha unyevu wa asilimia 17. Muuzaji anadai yalikuwa yangu tangu nilipolipa. Je, sheria iko upande wake?

Mwenye duka: Iko upande wake. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinasema hatari hufuata umiliki, hata kama mzigo haujakabidhiwa. Ukishalipa, umekwisha.

Wakili: Kifungu umekisoma vyema, ila malipo siyo yanayohamisha umiliki. Iwapo magunia hayo hayakutengwa kutoka rundo kubwa zaidi, kifungu cha 18 kinazuia umiliki kuhama. Aidha, hatari inahusu yanayotokea baadaye, kama vile paa kuvuja. Mahindi yaliyouzwa yakiwa mabichi, wakati kiwango cha Kenya ni asilimia 13.5, ni suala la ubora chini ya kifungu cha 16, nalo linamhusu muuzaji wa nafaka mwenyewe. Je, ni magunia ya pembeni tu yaliyolowa, au unyevu ulilingana kote? Ukilingana, yaelekea hayakuanikwa vya kutosha.

Mkulima: Mimi niliuziwa pampu ya maji ya mitumba, ikafa siku ya pili, na risiti imeandikwa "ikishauzwa hairudishwi". Na mimi nimeshapoteza?

Wakili: Ukiwa mlaji wa kawaida, Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 haimruhusu muuzaji kuukwepa ubora kwa maandishi ya namna hiyo, ingawa pampu ya mitumba haitarajiwi kuwa kama mpya. Tuyamalize mahindi.

Muulizaji: Yalitengwa na kupakwa rangi siku ileile, kwa bei ya jumla bila kupimwa uzito. Unyevu ni uleule kote. Nilikagua magunia mawili tu, kwa kuyachoma bambo ili punje zitoke.

Wakili: Basi huenda umiliki ulihama siku hiyo, na hapo ndipo kifungu cha 13 kinapokubana: bidhaa mahususi ambazo umiliki wake umehama huwezi kuzirudisha, unadai fidia tu. Uingereza, tulikoichukua sheria hii, iliondoa kizuizi hicho mwaka 1967, nasi tumekibakiza bila sababu ninayoiona.

Mwenye duka: Sababu ipo. Muuzaji mdogo huwa ameshalipa deni la mbolea kwa pesa hizo. Mzigo ukirudi ukiwa umeanza kuota ukungu, atamuuzia nani?

Wakili: Na mnunuzi atamuuzia nani? Fidia hudaiwa mahakamani, na mahindi hayangoji hukumu. Hata hivyo, mwenzetu ana shida nyingine: aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuifichua.

Muulizaji: Sikuwa na mashine ya kupima unyevu.

Mwenye duka: Sisi huing'ata punje. Kavu hulia, mbichi hubonyea.

Wakili: Ya asilimia 20, ndiyo. Kwa 17 nina shaka, na mawakili wawili wangeweza kubishania jambo hilo siku nzima mbele ya hakimu.