Wakala au ATM: naomba ushauri kuhusu makato

Habari wakuu. Niko Moshi. Kila Ijumaa natoa 150,000 za kulipa vibarua wa shamba. Mshahara unaingia benki, lakini nimezoea kuuhamishia kwenye simu na kutolea kwa wakala jirani na stendi, maana foleni ya ATM mwisho wa mwezi inachosha.

Wiki iliyopita nikaamua kupiga hesabu. Kabla ya kutoa, simu ilikuwa na 312,450. Baada ya kutoa ikabaki 158,850. Toa moja kwa nyingine, zimeondoka 153,600, yaani wakala kanigharimu 3,600. Na hapo sijagusa makato ya kuhamisha kutoka benki, ambayo yanakatwa upande wa benki, kwa hiyo kwenye meseji ya wakala huyaoni kabisa.

Juzi nikajaribu ATM ya benki yangu. Salio 420,000, nikatoa 150,000, zikabaki 268,700. Makato 1,300 tu! Nikafurahi mapema. Kesho yake salio likasoma 268,350, na sijanunua hata vocha.

Ninachohisi: kabla ya kutoa nilibonyeza kuangalia salio na kuchukua risiti. Je, hiyo 350 ndiyo ada yake, imechelewa kuingia? Kwenye taarifa fupi ya akaunti huwa inaandikwa mstari wake peke yake?

Pia, waliozoea: nikitoa 300,000 mara moja kwa wiki mbili, kwa wakala napunguza makato, au napanda tu daraja la juu?