Naomba ushauri na idhini yenu: ununuzi wa basi dogo lililotumika

Wapendwa washirika,

Kwa heshima naomba ushauri na idhini yenu kuhusu ununuzi wa basi dogo la viti 14, lililotumika, la kuwachukua wazee wetu na wanakwaya ambao kwa sasa tunawakodia gari kila Jumapili.

Bei yake ni sawa na kodi tunayolipa kwa miezi 20, na matairi, breki na uhamisho wa umiliki vitaongeza kodi ya miezi 4. Ni rahisi kudhani kwamba baada ya miezi 24 fedha itakuwa imerudi, lakini sivyo: mafuta, bima na matengenezo ya kawaida vitakula nusu ya kodi ya sasa, hivyo tutaokoa nusu tu, na gharama itarudi baada ya miaka 4.

Basi hilo lazima lidumu angalau miaka hiyo 4, ndiyo maana nilimpeleka fundi akaikague injini ikiwa baridi. Alipofungua kifuniko cha oili hakukuta utando mweupe kama maziwa, ambao ungeonyesha kuwa maji yanaingia kwenye oili. Lakini chini ya sakafu, karibu na mlango, bisibisi ilizama kwenye kutu. Nilimwomba muuzaji apunguze bei kwa kiasi cha kazi ya kuchomelea, naye akakataa.

Je, mnaidhinisha tununue kwa bei hiyo, au tutafute jingine? Na tukinunua, mnakubali kwamba kile tutakachookoa kila mwezi kiwekwe akiba ya matengenezo makubwa, kisiguswe kwa jambo lingine?

Wenu katika huduma,
Mtunza hazina